Simu imenipa "16 chini ya sifuri": kugeuza taarifa ya hali ya hewa kwa manahodha wa Nungwi

"Maalim, mie niko kwenye kampuni ya boti za watalii hapa Nungwi. Bosi wetu Mmarekani kila usiku ananitumia taarifa ya hali ya hewa kwa Kiingereza, naigeuza Kiswahili naiweka kwenye grupu la manahodha. Ya juzi ilikuwa hivi: joto la juu 81F, la chini 72F, nyuzi 3 chini ya kawaida ya msimu, mvua 60% inchi 0.4, upepo SE 18 kt na mivumo mpaka 28 kt baada ya 09 UTC. Ile nyuzi 3 simu ikanipa −16.1 nikaandika 'nyuzi 16 chini ya kawaida', grupu zima likanicheka. Upepo nimeandika kilomita 18 kwa saa unaelekea kusini mashariki, kuanzia saa tatu asubuhi. Nahodha mmoja mzee kanambia hii si taarifa, huu mtego. Nimekosea wapi?"

Huyo mzee kakwambia kweli, ila grupu limecheka pasipo. Joto ndo kosa lisilomdhuru mtu, hakuna nahodha atakayevaa koti Nungwi mwezi wa saba kwa sababu ya ujumbe wako. Kosa la hatari ni la upepo, na hilo hakuna aliyelicheka kwa sababu ukilisoma linaonekana la kawaida kabisa, kilomita 18 kwa saa, upepo wa kukaushia nguo. Ndo maana yule kaliita mtego.

Tuanze na joto kwanza maana ndo lililokuuma, halafu tuje kwenye upepo tukae hapo.

Simu yako haikukosea hesabu. Umeiuliza "3 za Farenhaiti ni ngapi za Sentigredi" nayo ikakujibu swali hilo hilo, kwamba hewa yenye joto la 3 Farenhaiti ni baridi ya 16 chini ya sifuri, na ni kweli. Tatizo ni kuwa taarifa haikusema joto ni 3, imesema joto limepungua 3 kulinganisha na siku za kawaida za msimu huu. Hayo ni mambo mawili. Vipimo hivi viwili havianzii pahala pamoja, maji yanaganda kwenye sifuri ya Sentigredi lakini kwa Farenhaiti yanaganda kwenye 32, ndo maana unapogeuza joto lenyewe lazima utoe hiyo 32 kwanza. Lakini ukigeuza tofauti baina ya joto na joto, pale pa kuanzia hapakuhusu tena, kinachobaki ni ukubwa wa nyuzi tu. Ni kama saa zetu na saa za kizungu: boti ikiondoka 7:00 wewe unasema saa moja, umetoa sita, lakini mtu akikwambia boti imechelewa saa mbili hutoi sita hapo, saa mbili ni saa mbili.

Kwahiyo hesabu ziko mbili na lazima ujue ipi unaifanya:

```
joto lenyewe:  C = (F − 32) × 5 / 9
tofauti tu:    C = F × 5 / 9
```

Chukua taarifa yako. 81 toa 32 inabaki 49, zidisha 5 gawa 9 unapata 27.2. 72 kwa njia hiyo hiyo inakuja 22.2. Ile "3 chini ya kawaida" hutoi kitu, 3 mara 5 gawa 9 ni 1.7, yaani kama nyuzi 2. Na unaweza kujihakiki mwenyewe bila kumuuliza mtu: kama 81 ni pungufu ya kawaida kwa 3 basi kawaida yenyewe ni 84, igeuze hiyo 84 utapata 28.9, sasa toa 27.2, unapata 1.7 ile ile. Hesabu zikikutana hivyo umepata. Zisipokutana kuna pahala umeitoa 32 isipotakiwa.

Maneno ya kukushtua ni yale ya kulinganisha: chini ya kawaida, juu ya kawaida, litapanda kwa, litashuka kwa, tofauti na jana. Ukiyaona hayo usiiachie simu, maana vigeuzi vingi vya kwenye simu vinajua ile hesabu ya juu tu. Na jengine dogo, usiandike 27.2. Aliyeandika taarifa hakupima kwa sehemu za kumi, kakupa 81 namba nzima, hiyo .2 imezaliwa kwenye kikokotoo chako tu. Andika 27.

Haya, upepo.

Herufi kt maana yake ni noti, na noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, maili ya baharini ni mita 1,852. Kwahiyo noti 18 ni kilomita 33 kwa saa, sio 18. Noti 28 ni karibu 52. Umewapa watu namba sahihi ukaitilia kipimo sicho, na kosa la aina hii ni baya kwa sababu halina sura ya kosa, nyuzi 16 chini ya kawaida kila mtu anaona ni upuuzi lakini kilomita 18 kwa saa inapita bila kuulizwa.

Na ubaya wake ni mkubwa kuliko hiyo tofauti ya namba inavyoonekana. Nguvu ya upepo kusukuma kitu, tanga, turubai la boti, ubavu wa faiba, haipandi sawasawa na mwendo wake, inapanda kwa mwendo kuzidishwa kwa wenyewe. Upepo ukiongezeka mwendo mara mbili msukumo unakuwa mara nne. Wewe umewaambia 18 wakati ni 33, mwendo ni kama mara 1.85, lakini msukumo ni zaidi ya mara tatu ya ule uliowaambia. Nahodha aliyeamini ujumbe wako angeliweka turubai juu na wageni wamejaa pembeni, na angelikuwa na haki yake.

Sasa ile mivumo. Taarifa imekupa namba mbili za upepo na wewe kwenye ujumbe umeweka moja, 28 umeiacha. Ile 18 ni wastani, yaani mwendo wa upepo ukiupima kwa dakika kadhaa ukachukua kati yake, kawaida ni dakika kumi. Ile 28 ni mvumo wa ghafla, unaopimwa kwa sekunde chache tu, unakuja unapiga unapita. Hazigombani hizo, zote mbili ni za upepo huo huo. Baharini wastani ndo unaoinua mawimbi kwa saa nyingi, mvumo ndo unaokupindua au kukukatia kamba, kwahiyo zote nahodha anazihitaji na hakuna ya kuiacha. Usizijumlishe na usitafute wastani wake, nshaona mtu kaandika "noti 23" kwa kuona kuwa ni kati ya 18 na 28. Upepo wa 23 haumo kwenye taarifa ile.

Namba ya kuiweka kichwani ni 40. Manahodha wetu wote wameshasikia redioni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, "upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2", masikio yao yanajua 40 ni nini. Hiyo 40 ni kama noti 22. Kwahiyo kila ukiona kt kwenye skrini tizama kwanza kama namba imefika 22 au imepita, iwe ya wastani au ya mivumo. Kwenye taarifa yako wastani uko chini ya hapo lakini mivumo imeshapita mbali, na hilo ndo jambo la kwanza ambalo ujumbe wako ulitakiwa useme.

Kuna watu wanazidisha noti kwa mbili halafu wanatoa sehemu ya kumi, 18 inakuwa 36, toa 3.6, unapata 32.4. Kwa haraka si mbaya ila ujue inakaa chini kidogo ya ukweli kila mara, na kwa upepo mimi sipendi hesabu inayopunguza. Simu unayo, zidisha kwa 1.852. Ukizungusha namba, wastani zungusha utakavyo, 33 au hata 35 hakuna atakayekulaumu, lakini mvumo wa 51.9 usiandike 50 kavu, andika "zaidi kidogo ya 50". Na tazama vizuri herufi, maana programu hizo hizo mtu akibadilisha mipangilio zinaleta mph, hiyo ni maili ya nchi kavu na moja ni kilomita 1.6 tu, au m/s, mita kwa sekunde, ambayo unaizidisha kwa 3.6. 10 za noti, 10 za maili na 10 za mita kwa sekunde ni 18.5, 16 na 36. Bosi wako akibadilisha simu siku moja namba zote zitahama na hatokwambia.

Upande sasa, na hapa ndo yule mzee nadhani alipokasirika hasa. SE kwenye taarifa ya upepo ni kule unakotoka, siku zote, dunia nzima. Upepo wa SE unatoka kusini mashariki unakwenda kaskazini magharibi. Sisi wenyewe hivyo hivyo ndo tunavyosema, kusi ni upepo unaotoka kusini na kaskazi ni unaotoka kaskazini, hakuna mvuvi anayesema kusi inaelekea kusini. Umeongeza hilo neno "unaelekea" kwa hiari yako na ukaugeuza upepo mzima.

Tizama kilichotokea pale Nungwi kwenyewe. Mmekaa kwenye ncha ya kisiwa, upande wa magharibi kuna Kendwa, upande wa mashariki bahari iko wazi mpaka Mnemba na chini huko Matemwe. Kusi ikivuma upande wa Kendwa umekingwa na kisiwa, maji yanatulia, ile ya mashariki nje ya mwamba inachafuka. Ujumbe wako ulivyo, upepo unaelekea kusini mashariki, maana yake unatoka kaskazini magharibi, na upepo huo ungeichafua Kendwa na kuikinga Matemwe. Yaani mtu mgeni akikufuata anatia nanga upande usio. Wenyeji hawakufuati kwa sababu wanajua mwezi wa saba hakuna upepo wa namna hiyo kwa siku nzima, ndo maana hujazamisha mtu.

Tahadhari hapa ni kuwa mkondo wa maji ni kinyume. Mkondo unatajwa kwa kule unakokwenda. Taarifa ikisema upepo wa kusini na mkondo wa kaskazini usidhani vinagongana, vyote viwili vinakwenda upande mmoja, kaskazini, na ndo hali ya kusi kwenye mwambao wetu maana mkondo mkubwa wa pwani hii unakwenda kaskazini. Vinagongana wakati wa kaskazi, upepo unakwenda kusini na mkondo unakwenda kaskazini, na hapo mawimbi yanakuwa mafupi yamesimama hata kama namba ya upepo si kubwa. Kwahiyo kwenye Kiswahili chako usiandike "upepo wa kusini" na "mkondo wa kaskazini" ukaacha hivyo, andika "upepo kutoka kusini", "mkondo kwenda kaskazini". Maneno mawili tu, kutoka na kwenda, hakuna wa kuuliza.

Saa nitapita haraka. UTC iko nyuma yetu saa tatu, kwahiyo 09 UTC huku ni 12:00, yaani saa sita mchana, sio saa tatu asubuhi kama ulivyoandika. Wepesi wake kwa sisi wa saa za Kiswahili ni kuwa ukichukua namba ya UTC ukatoa tatu unapata saa yetu moja kwa moja: 09 toa 3 ni saa 6 mchana, 12 toa 3 ni saa 9 alasiri. Mchana wote inakubali. Kwa siku ile ilikuwa na maana kubwa, maana boti ya asubuhi ingeliweza kwenda Mnemba na kurudi kabla ya mivumo, lakini ukisema mivumo inaanza saa tatu umeifuta safari bila sababu, na ukikosea upande wa pili siku nyengine utawatoa watu wakati wa mivumo yenyewe.

Mvua. Inchi 0.4 zidisha kwa 25.4, inakuja milimita 10. Ungeandika sentimita 1 usingekosea hesabu ila hakuna anayepima mvua kwa sentimita hapa, TMA wanasema milimita na watu wanalinganisha na milimita. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Bati la nyumba la mita za mraba 50 likipata milimita 10 linashusha lita 500, dumu 25 za lita 20, ukitega mfereji vizuri. Ni mvua ya kweli hiyo ila bado si mvua kubwa, mvua kubwa kwa TMA ni inayopita milimita 50 ndani ya saa 24. Na inchi 0.4 ni ya kipindi chote cha taarifa, sio ya saa moja, inaweza kushuka yote kwa dakika ishirini au kunyunyiza mchana kutwa, namba hiyo peke yake haikwambii ipi.

Ile 60% haigeuzwi na wala haina kipimo. Wengi wanaiandika "mvua asilimia 60" na mtu anasoma kama mvua ya nguvu kiasi cha 60, au kwamba 60 ya kisiwa kitarowa. Maana yake ni kuwa pahala ulipo wewe, ndani ya kipindi kile, uwezekano wa kunyesha ni 60 kwa 100, hata kama ni mvua ndogo ya kupimika tu. Kunaweza kuwa na 90% ya manyunyu na 30% ya mvua ya gharika. Kwahiyo andika "uwezekano wa mvua" kila siku, usilifupishe hilo neno.

Sasa suala la uweke vipimo vipi. Kuna anayesema geuza kila kitu ufute vya zamani ili ujumbe uwe mwepesi, na kuna anayesema acha noti maana mabaharia wanazijua. Kwa joto na mvua mimi nafuta, Farenhaiti na inchi hazina kazi kwenye grupu lako. Kwa upepo naweka zote mbili, kilomita mbele na noti kwenye mabano, kwa sababu redio inawapa kilomita lakini GPS ya boti inawapa noti, na faida ya pili ni kuwa ukikosea hesabu siku moja nahodha ataziona namba mbili zisizopatana na atakuuliza kabla hajatoka. Ujumbe unarefuka kidogo, ndo gharama yake.

Upepo uanze juu, joto liende chini kabisa. Ya juzi ningeliandika hivi:

"Upepo kutoka kusini mashariki (kusi), kilomita 33 kwa saa (noti 18). Kuanzia saa 6 mchana mivumo ya ghafla zaidi kidogo ya kilomita 50 kwa saa (noti 28). Uwezekano wa mvua 60 kwa 100, kiasi cha milimita 10 kwa kipindi chote. Joto la juu 27, la chini 22, kama nyuzi 2 chini ya kawaida ya msimu."

Kuna pahala ambapo kugeuza peke yako kunakoma. Taarifa ya bosi wako inatoka kwenye programu, na programu inahesabu kwa kompyuta eneo kubwa, haijui kama hapo kuna mwamba wa Nungwi. Ikikutofautia na TMA, weka ya TMA kwenye grupu, na usitafute namba ya katikati. Likija neno kimbunga ndo usitafsiri kabisa. Mwaka 2024 mwezi wa tano kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu boti za Dar na Unguja zilisimamishwa, na wakati kama huo namba za upepo zinazozunguka kwenye simu hazipatani hata pale ambapo hakuna aliyekosea, maana kituo cha Reunion kinatoa wastani wa dakika kumi na kituo cha jeshi la Marekani kinatoa wa dakika moja, na wa dakika moja daima unakuja mkubwa zaidi kwa upepo ule ule. TMA wanaandika tahadhari zao kwa Kiswahili na vipimo vyetu tayari, nakili ya kwao neno kwa neno.

Na kama namba imekushinda saa ya usiku na boti inatoka alfajiri, andika kwenye grupu kuwa hujaihakiki. Asubuhi ofisi ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege wa Unguja ina watu wa zamu, wapigie au mfuate mtu wa bandari, na ukienda nenda na skrini yenyewe ya Kiingereza, usiende na tafsiri yako, maana akikusaidia kutoka kwenye tafsiri atakusahihisha Kiswahili na namba ile ile mbovu itabaki.